Kwa Nini Gemu Inaganda Wakati Intaneti Ina Kasi

Mchezaji yuko ndani ya eneo la hatari, adui yuko mbele yake, anabonyeza kufyatua, na hakuna kinachotokea. Sekunde moja baadaye picha inaruka na mhusika wake yuko chini. Akipima kasi ya intaneti, anakuta megabiti zote alizolipia zipo. Hapo wengi huhitimisha kwamba kifurushi ni kidogo, wakanunua kikubwa zaidi, na tatizo likabaki palepale.

Gemu ya mtandaoni haihitaji intaneti nene. Nyingi hutumia chini ya megabiti moja kwa sekunde, kwa sababu picha hutengenezwa kwenye kompyuta au simu yenyewe. Kinachosafiri ni taarifa ndogondogo: mchezaji amesogea wapi, amefyatua lini. Ila taarifa hizo zinatakiwa kufika kwa wakati, tena kwa mwendo ule ule. Muda wa kwenda kwenye sava na kurudi ndio wachezaji wanauita pingi. Pingi ya milisekunde 80 isiyobadilika inachezeka. Inayoruka kutoka 30 hadi 600 na kurudi haichezeki kabisa.

Kuruka huko kwa kawaida kuna vyanzo viwili nyumbani, na kila kimoja kina dawa yake. Ndiyo maana ni vizuri kuvitenganisha kwanza kwa kupima. Kwenye kompyuta ya Windows hufunguliwa madirisha mawili ya amri, kila moja na mstari wake:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Mstari wa kwanza unapima safari kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye ruta (kama anwani ya ruta ni nyingine, iandikwe hiyo). Wa pili unavuka hadi nje, kwenye sava ya Google. Namba za mstari wa kwanza zikipanda na kushuka, mfano 3, 4, 90, 5, 140, tatizo liko hewani, kwenye waifai. Za kwanza zikitulia lakini za pili zikapanda pale mtu mwingine anapopakia video, tatizo ni foleni.

Waifai ina tabia moja inayowaumiza wachezaji: vifaa vyote kwenye chaneli moja hupokezana zamu, pamoja na vya majirani. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, namba 1, 6 na 11, kwa hiyo kwenye jengo la ghorofa zinajaa upesi. Pakiti ikigongana na nyingine hutumwa upya, na kila mara inapotumwa upya milisekunde zinaongezeka. Kebo ya mtandao haina mashindano hayo. Cat5e ya kawaida hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na pingi kati ya kompyuta na ruta hushuka chini ya milisekunde moja na kubaki hapo.

Lakini wapo waliovuta kebo na gemu ikaendelea kuganda kila jioni.

Mwaka 2010 mhandisi Jim Gettys, aliyekuwa akifanya kazi Bell Labs nchini Marekani, aliona jambo hilo nyumbani kwake. Alipokuwa akituma mafaili makubwa, intaneti ya nyumba nzima ilikuwa nzito, na alipopima alikuta pakiti zinachelewa kwa zaidi ya sekunde moja. Akafuatilia hadi kwenye bafa, yaani kumbukumbu ambamo modemu na ruta huhifadhi pakiti zinazosubiri kutumwa. Kumbukumbu ilikuwa imeshuka bei, na watengenezaji wakawa wanaweka bafa kubwa mno wakidhani wanazuia pakiti zisipotee.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua nyumba yenye megabiti 20 za kupakua na 5 za kupakia. Simu ya mama inaanza kuhifadhi picha za harusi mtandaoni, na bafa ya modemu inajaa kilobaiti 625. Hizo ni megabiti 5 kamili, kwa hiyo pakiti yoyote inayoingia mwisho wa foleni itasubiri sekunde nzima kabla ya kutoka. Pakiti ya gemu haina upendeleo wowote. Iko kama bodaboda iliyobeba barua moja, imekwama nyuma ya malori kwenye foleni ya kivuko cha Kigamboni.

Dawa ilitoka mwaka 2012, Kathleen Nichols na Van Jacobson walipochapisha mbinu ya CoDel. Mbinu hiyo haiangalii foleni ina pakiti ngapi, bali pakiti zimekaa humo kwa muda gani. Muda wa kusubiri ukibaki juu ya milisekunde 5 kwa kipindi cha milisekunde 100, inaanza kudondosha pakiti mojamoja, na kwa kudondosha huko simu inayotuma picha inajua kwamba inatakiwa kupunguza mwendo. Dave Täht na wenzake wakaendeleza kazi hiyo, wakatenganisha foleni ili kila mawasiliano yapate zamu yake. Toleo linalopendwa sasa kwa nyumba, CAKE, liliingia kwenye Linux mwaka 2018.

Kwa ruta inayotumia OpenWrt, mtu huongeza kifurushi cha luci-app-sqm kisha hufungua Network, halafu SQM QoS. Anachagua tundu la upande wa intaneti, ambalo mara nyingi huitwa wan, na kuweka kasi kwa kilobiti. Nyumba ya mfano wetu ingeandika 18000 kwa kupakua na 4500 kwa kupakia, yaani asilimia 90 ya kasi iliyopimwa. Kwenye Queue Discipline huchaguliwa cake, na kwenye script piece_of_cake.qos.

Asilimia 10 inayoachwa ndiyo inayofanya kazi nzima. Ruta ikituma polepole kidogo kuliko modemu inavyoweza kupokea, foleni haijengeki tena kwenye modemu isiyo na akili hiyo. Inajengeka ndani ya ruta, mahali CAKE inapoiona. Anayeandika 20000 na 5000 kamili hujikuta amerudi alikoanza. Baada ya kuhifadhi, ule mstari wa 8.8.8.8 hupimwa tena huku picha zikipakiwa: ongezeko likiwa milisekunde chache tu, kazi imekwisha. Likiwa kubwa bado, kasi hupunguzwa kidogo na kupimwa upya.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuiweka ruta mpya nyuma ya ile ya kampuni ya intaneti, halafu televisheni na simu zikaachwa kwenye waifai ya zamani. Vifaa hivyo vinapita pembeni ya SQM na kujaza foleni ileile, kwa hiyo waifai ya zamani izimwe. La pili ni kuacha flow offloading imewashwa, kwani hupitisha pakiti bila kuigusa SQM. Ruta za bei nafuu nazo zina processor dhaifu, na kwenye laini ya mamia ya megabiti zinaweza kushindwa kuhesabu kwa kasi hiyo.

Wanaotumia 4G wana kazi ngumu zaidi. Kasi ya mnara hubadilika kila saa, kwa hiyo namba iliyofaa asubuhi haifai jioni watu wakijaa, na wengi huweka kiwango cha chini kinachopatikana jioni na kukubali kupoteza kasi ya mchana.

SQM pia haifupishi umbali. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Nairobi hadi Frankfurt, kilomita 6,300 hivi kwa mstari ulionyooka, kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 60, na kebo halisi huzunguka zaidi. Hadi Johannesburg umbali ni chini ya nusu ya huo. Kama gemu inaruhusu kuchagua sava, inafaa kuzijaribu zote mbili baada ya kutibu foleni, kwa kuwa namba zitakazoonekana wakati huo zitakuwa za njia yenyewe.