Mwenye Duka Aagize Mifuko Mingapi kwa Mara Moja?

Mwenye duka la bidhaa zinazokaa ghalani hukutana na swali moja mara kwa mara: aendapo kununua bidhaa, anunue kiasi gani kwa safari moja? Wako wanaonunua kidogo kidogo, wakiogopa kufunga fedha zao. Wako na wengine wanaojaza ghala mpaka darini, wakidhani kwamba kupunguza safari ndiko kupunguza hasara. Kila mmoja ameona upande mmoja tu wa jambo hili. Mwanafunzi wa biashara hana budi kuziona pande zote mbili, kisha azipime kwa hesabu.

Mfano ni duka moja la vifaa vya ujenzi katika mji mdogo. Duka hili huuza mifuko 1,200 ya simenti kwa mwaka, yaani mifuko 100 kila mwezi, nayo hununuliwa katika mji mkubwa kwa bei ya Sh. 650 kila mfuko.

GHARAMA ZA KUAGIZA

Kila mara simenti inapohitajiwa, karani hutumwa mjini. Nauli yake ni Sh. 400, chakula Sh. 300, ujira wake wa siku hiyo Sh. 500, na kazi ya kupokea na kuandika mzigo Sh. 300. Jumla ni Sh. 1,500. Fedha hizi hutoka vile vile, mifuko ikiwa 50 au 500.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Nauli ya lori inayotozwa kwa kila mfuko haimo katika gharama hizi. Mifuko 1,200 italipiwa nauli hiyo kwa mwaka, ikija kwa safari tatu au kwa safari kumi na mbili. Gharama isiyobadilika kwa sababu ya ukubwa wa mzigo haiwezi kusaidia kuuchagua ukubwa huo.

GHARAMA ZA KUWEKA

Mfuko ukaao ghalani nao una gharama yake, ijapokuwa hakuna mtu anayekuja kuidai mlangoni. Fedha iliyoununua ni ya mkopo wenye riba ya asilimia 12 kwa mwaka, basi mfuko wa Sh. 650 hula Sh. 78 ukikaa mwaka mzima. Mifuko mingine hupasuka au hushikwa na unyevu, na hasara hiyo ikigawanywa ni Sh. 12 kwa kila mfuko. Jumla ni Sh. 90 kwa mfuko mmoja kwa mwaka. Hata fedha ikiwa ya mwenye duka mwenyewe, gharama ipo, kwa maana fedha hiyo ingaliweza kuwekwa mahali pa kuzaa faida. Lakini kodi ya ghala, ikiwa hulipwa ile ile ghala likijaa au likiwa tupu, isihesabiwe hapa.

KUPIMA PANDE MBILI

Mzigo ukifika, ghala huwa na mifuko yote. Siku ya mwisho huwa halina hata mmoja. Kwa hivi, mauzo yakiwa ya kadiri moja, wastani wa mifuko iliyomo ni nusu ya mzigo. Gharama ya kuweka huhesabiwa juu ya nusu hiyo.

Akiagiza mifuko 100 kila mara, atatuma karani mara 12 kwa mwaka. Kuagiza ni Sh. 18,000, na kuweka mifuko 50 ya wastani ni Sh. 4,500. Jumla ni Sh. 22,500.

Akiagiza mifuko 200, safari ni 6. Kuagiza ni Sh. 9,000, na kuweka ni Sh. 9,000. Jumla ni Sh. 18,000.

Akiagiza mifuko 400, safari ni 3. Kuagiza ni Sh. 4,500, na kuweka ni Sh. 18,000. Jumla ni Sh. 22,500.

Na akinunua mifuko yote 1,200 kwa safari moja, kuagiza ni Sh. 1,500 tu, lakini kuweka ni Sh. 54,000. Huyo ameokoa safari, akapoteza mtaji.

Kutoka 100 kwenda 200, aliokoa Sh. 9,000 za safari na kuongeza Sh. 4,500 za kuweka, alipata faida. Kutoka 200 kwenda 400, aliokoa Sh. 4,500 na kuongeza Sh. 9,000, alipata hasara. Mahali pa gharama ndogo kabisa ni pale ambapo gharama hizo mbili zimekuwa sawasawa.

Kanuni yake iliandikwa mwaka 1913 na Ford Harris, mhandisi wa Amerika. Zidisha mauzo ya mwaka kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha tena kwa mbili, gawanya kwa gharama ya kuweka mfuko mmoja kwa mwaka, kisha tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huleta jibu hilo:

Q = √(2 × 1,200 × 1,500 ÷ 90) = √40,000 = 200

KOSA LA MIEZI NA MIAKA

Mauzo na gharama ya kuweka lazima viwe vya muda mmoja. Mwanafunzi akitumia mauzo ya mwaka pamoja na gharama ya kuweka ya mwezi mmoja, ambayo ni Sh. 7.50, atapata mifuko 693 hivi, kiasi cha kuuzwa karibu miezi saba. Dawa ya kulitambua kosa ni kurudi katika gharama za mwaka mzima: kuagiza kutakuwa Sh. 2,600 hivi, na kuweka zaidi ya Sh. 31,000. Zisipolingana, hesabu imepotoka mahali.

Tena jibu hili si la kushikwa kwa ukali. Mifuko 150 kwa mara moja ingaligharimu Sh. 18,750 kwa mwaka, na mifuko 300, Sh. 19,500. Kwa hivi lori likichukua 180, hakuna haja ya kuhangaikia ile 20 iliyobaki.

PALE KANUNI ISIPOTOSHA

Kanuni hudhani kwamba mauzo hayapandi wala hayashuki. Ikiwa watu hujenga sana wakati wa kiangazi na kidogo wakati wa mvua, kila majira yapigiwe hesabu yake. Wala kanuni haisemi siku ya kuagiza. Duka likiuza mifuko 4 kwa siku, na mzigo ukichukua siku 6 kufika, karani atumwe kabla akiba haijapungua chini ya 24.

Mwisho, yako mambo ambayo shilingi hazikuyahesabu. Tuseme muuzaji wa mjini anapunguza Sh. 10 kwa kila mfuko, mradi mteja achukue 400 kwa mara moja. Mwenye duka ataokoa Sh. 12,000 kwa mwaka, na gharama zake hazitaongezeka kwa zaidi ya Sh. 4,500. Kwa hesabu hiyo, akubali. Lakini mifuko 400 ni ya miezi minne, na simenti ikikaa zaidi ya miezi mitatu huanza kupungua nguvu, na penye unyevu huganda kabisa. Mifuko 100 ya mwisho ingeuzwa ikiwa imechakaa, au isiuzwe kamwe. Akiomba punguzo hilo kwa mifuko 300, ambayo itakwisha katika miezi mitatu, atakuwa amefanya biashara njema.