Kabla ya kuanza kazi ya mteja wa ng'ambo, muandikie haya

Kijana mmoja wa hapa Mombasa, mfasiri wa kujitegemea, alinijia juzi na barua pepe ya mteja wa Ujerumani. Mteja ana kijitabu cha afya cha Kiingereza na anataka Kiswahili chake. "Tuambie bei, uanze," alimuandikia. Nilimshauri asianze mpaka mambo manne yawe kwenye maandishi.

La kwanza ni kazi yenyewe. Tuliandika: maneno 6,000 ya Kiingereza, yatafsiriwe kwa Kiswahili na kurudishwa kwa faili la Word baada ya siku 10 za kazi. Kupanga kurasa na picha si sehemu ya kazi hii. Usipoyataja ya nje, mteja hudhani yamo.

La pili ni bei: senti 8 za dola kwa kila neno la Kiingereza, jumla dola 480. Hapa wengi huponyokwa. Kiswahili hukusanya maneno. "I will tell you" ni maneno manne, nasi twasema "nitakwambia", neno moja. Ukihesabiwa kwa tafsiri utapunjika, basi sema wazi ni maneno ya matini asilia.

La tatu ni marekebisho. Makosa yako wayasahihisha bure. Lakini mteja akibadilisha Kiingereza chake baada ya kazi kuanza, hiyo ni kazi mpya na ina bei yake. Kwa maoni juu ya tafsiri tulimpa awamu mbili ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita kimya, kazi imekubaliwa. Bila ya ukomo huo, mteja aweza kurudi baada ya miezi mitatu, na huku salio lako bado analo.

La nne ni malipo. Dola 240 kabla ya kuanza, na 240 ndani ya siku 14 tangu kupokea kazi na ankara. Pia tuliongeza kwamba ada za benki ni juu ya mtumaji. Kwenye fomu ya benki chaguo hilo huandikwa OUR. Likiandikwa SHA, ada hugawanywa, na benki za katikati huweza kukata chao njiani, pesa zikufikie pungufu.

Tulimalizia kwa sentensi moja: "Tafadhali nijibu kuwa umekubali, nami nitaanza malipo ya awali yakishaingia."

Tusidanganyane: kwa dola 480 hakuna atakayefunga safari kwenda kushtaki Ujerumani. Barua ni ushahidi wa mlichoagana, lakini kinga hasa ni ile nusu ya mwanzo. Mteja akikubali yote, kisha akasema "anza tu, pesa zaja", ngoja ziingie.