Kengele ya Kushuka kwa Ufikiaji

Kanuni ya tahadhari hulinganisha idadi ya watu waliofikiwa na ukurasa leo na ile ya siku kama hii katika wiki zilizopita. Jumapili hupimwa kwa Jumapili, kwa kuwa kurasa nyingi hupoa siku fulani kila wiki bila hitilafu yoyote.

Tuseme ukurasa wa duka ulifikia watu 4,100, 3,900, 4,300 na 900 katika Jumanne nne zilizopita. Wastani ni 3,300, umevutwa chini na siku moja mbovu. Namba ya kati ni 4,000, nayo ndiyo ya kuaminika zaidi. Kengele ikiwekwa ilie chini ya asilimia 60, kikomo huwa 2,400, na Jumanne ya watu 2,100 huonekana. Kwa wastani, kikomo kingekuwa 1,980 na anguko hilo lingepita kimya. Hesabu ifanywe siku ikishakwisha, la sivyo kila asubuhi kengele italia bure.

Kwa wafuasi, hupimwa badiliko la siku, si jumla. Wakipungua ghafla huku ufikiaji umetulia, huenda mtandao umeondoa akaunti kwenye hesabu, kama Twitter ilivyofanya Julai 2018 kwa akaunti zilizofungiwa.