Nyumba ya kabla ya harusi ni ya nani? Gharama ya mkataba na gharama ya kukosa mkataba

Wengi nchini Kenya wanaamini kwamba nyumba uliyoijenga kabla ya kuoa au kuolewa itabaki yako hata ndoa ikivunjika. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inawapa sababu ya kuamini hivyo: kifungu cha 5 kinasema mali uliyoipata au kuirithi kabla ya ndoa haihesabiwi kuwa mali ya ndoa. Tatizo liko kwenye maneno machache yanayotangulia kifungu hicho, yanayokiweka chini ya kifungu cha 6. Na kifungu cha 6 kinataja kwanza kabisa, kama mali ya ndoa, nyumba ya familia. Sheria inaieleza nyumba hiyo kuwa ile inayomilikiwa na mmoja wa wanandoa au wote wawili, nao wanaishi humo kama makao ya familia. Haiulizi ilijengwa mwaka gani. Ukihamia na mwenzako katika nyumba uliyoijenga ukiwa peke yako, umeitoa mahali palipo salama na kuiweka mezani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi mmoja wa Nakuru ana nyumba yenye thamani ya shilingi milioni 6, hati kwa jina lake, deni limekwisha. Mchumba wake ana matatu moja aliyoinunua kwa mkopo. Wamekubaliana kuishi katika nyumba ya bibi harusi na kujenga vyumba vya kupangisha nyuma yake. Miaka kumi baadaye ndoa inavunjika. Vyumba viligharimu milioni 2, nyingi zikitoka kwenye matatu, na sasa kiwanja chote kina thamani ya milioni 10. Nani achukue nini?

Bila mkataba wowote, jibu liko kifungu cha 7: mali ya ndoa ni ya wanandoa kulingana na mchango wa kila mmoja katika kuipata, na hugawanywa hivyo wakitalikiana. Mchango si pesa peke yake. Sheria inahesabu kazi za nyumbani, kulea watoto, kumpa mwenzako ujamaa na uenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kulima shamba. Mtu aliyesikia kwamba Katiba ya 2010 inawapa wanandoa haki sawa anaweza kudhani basi ni nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilikataa tafsiri hiyo Januari 2023, katika kesi inayojulikana kwa herufi za wahusika, J.O.O. dhidi ya M.B.O. Ilisema usawa wa kifungu cha 45(3) cha Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja; kila mmoja athibitishe mchango wake. Katika kesi hiyohiyo mke alipata nusu, lakini ni kwa sababu ushahidi wake ulitosha. Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufaa ndiyo iliyopandisha hadi nusu, na Mahakama ya Juu ikauacha uamuzi huo usimame. Ushahidi uleule, mahakama mbalimbali, na tofauti kubwa hivyo.

Hiyo ndiyo gharama ya kwanza ya kukosa mkataba: huwezi kuipigia hesabu mapema. Muuguzi wetu anaweza kumpa mumewe milioni 2 au milioni 4, kutegemea risiti zilizohifadhiwa, mashahidi waliokumbuka, na hakimu au jaji aliyesikiliza. Juu ya hayo, kesi ya mali hupandisha ada ya wakili kadiri mali inavyokuwa na thamani, na inaweza kupanda ngazi tatu za mahakama.

Chaguo la pili ambalo wachumba wengi hulikimbilia ni kuandika majina yote mawili kwenye hati. Linaonekana la bei nafuu na la upendo. Lina gharama mbili. Ya kwanza ni kodi, nayo inategemea siku. Ushuru wa stempu kwa ardhi ya mjini ni asilimia 4 ya thamani (mashambani ni asilimia 2). Bibi harusi akihamisha nusu ya nyumba yake kabla ya harusi, thamani ya nusu hiyo ni milioni 3, na ushuru ni shilingi 120,000. Kodi ya faida ya mtaji, ambayo tangu 2023 ni asilimia 15 ya faida, inaweza nayo kuingia. Akisubiri mpaka wawe mume na mke, uhamisho kati ya wanandoa umesamehewa ushuru huo, na kodi ya faida ya mtaji haitozwi. Anayetaka kuongeza jina la mchumba wake kwa hiyo ana sababu nzuri ya kungoja cheti cha ndoa.

Gharama ya pili haionekani kwenye risiti. Majina mawili yakikaa kwenye hati, kifungu cha 14 kinaanzia kwenye dhana kwamba wenye majina wana haki sawa. Unaweza kuipinga dhana hiyo, lakini mzigo umekuangukia wewe. Muuguzi wetu angetoa milioni 3 siku ya kwanza, kabla mwenzake hajapiga tofali hata moja. Mnaweza kuandikisha mgao usio sawa kwenye hati, kwa mfano robo tatu kwa robo, na hilo ni bora. Hata hivyo hati haitaeleza nani alilipa vyumba vya kupangisha, wala nini kitatokea kwa mkopo wa matatu.

Mkataba wa kabla ya ndoa unaweza kueleza yote hayo. Kifungu cha 6(3) kinawaruhusu wanaotarajia kuoana kukubaliana haki zao za mali. Mkataba mzuri kwa hawa wawili ungekuwa mfupi: thamani ya nyumba siku ya harusi, iliyopimwa na mthamini aliyesajiliwa, ni ya mke peke yake, kila ongezeko la thamani baada ya hapo linagawanywa nusu kwa nusu, mkopo wa matatu unabaki wa mume, na matatu pia ni yake. Ndoa ikivunjika na kiwanja kina thamani ya milioni 10, milioni 6 ni za mke na milioni 4 zinagawanywa. Mke anaondoka na milioni 8, mume na milioni 2. Wote walilijua hilo miaka kumi kabla.

Na gharama yake? Tuseme wakili anatoza 45,000, na mthamini 20,000. Hizi ni bei za mfano. Ada hupatanwa, na inategemea idadi ya mali, kama kuna kampuni au hisa ndani yake, na mara ngapi rasimu itarudiwa. Kwa wakili mmoja mnalipa 65,000. Kwa mawakili wawili, kila mtu na wake, mnalipa 110,000. Tofauti ya 45,000 ndiyo watu wengi wanaikata kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo ya mwisho kukatwa. Sababu iko kwenye kifungu kidogo kinachofuata.

Kifungu cha 6(4) kinampa mwanandoa ruhusa ya kuomba mahakama iufute mkataba ukiwa ulipatikana kwa ulaghai, kwa shuruti, au ukiwa na udhalimu ulio wazi. Ulaghai mara nyingi ni kuficha: akaunti isiyotajwa, kiwanja kilichoandikishwa kwa jina la ndugu, deni ambalo bibi harusi alilijua baada ya barua ya benki kufika. Ndiyo maana orodha kamili ya mali na madeni ya kila upande inaambatishwa kwenye mkataba na kutiwa saini ukurasa kwa ukurasa. Shuruti ni neno zito, lakini katika ndoa huja kwa upole. Karatasi inaletwa wiki ya harusi, hema limeshakodishwa, mahari imeshapelekwa, na anayeletewa anaambiwa asipotia saini hakuna harusi. Sheria haitaji siku wala idadi ya mashahidi, kwa hiyo tarehe iliyoandikwa mbali na harusi, barua pepe za kujadiliana na rasimu zilizobadilishwa ndizo ushahidi wenu. Muhuri wa kamishna wa viapo hauthibitishi kwamba mtu alishauriwa. Unathibitisha tu kwamba alitia saini mbele yake. Wakili wa pili anaziba tundu hilo.

Udhalimu ulio wazi ndio mgumu kutabiri, kwa sababu mkataba uliokuwa wa haki mwaka wa kwanza unaweza kuwa wa kikatili mwaka wa kumi na tano. Mume akiacha kazi kulea mtoto mgonjwa, kifungu kinachosema hana chochote kitaonekana vingine. Mawakili wazuri huweka sharti kwamba mkataba utapitiwa upya mtoto akizaliwa au mmoja akiacha kazi.

Yapo mambo ambayo hata mkataba bora hauyafikii. Malezi na matunzo ya watoto yanaamuliwa kwa maslahi ya mtoto wakati huo, si kwa saini ya wazazi kabla hajazaliwa. Mkataba wenu haumfungi benki wala mnunuzi, na nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila ridhaa ya maandishi ya wote wawili. Na kifo ni sheria nyingine: mjane aliye mtegemezi anaweza bado kuiomba mahakama fungu chini ya Sheria ya Urithi. Anayetaka kupanga mambo hayo aandike wosia, kazi tofauti na ada tofauti. Waislamu nao, Sheria ya Mali ya Ndoa inawaruhusu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali hiyo, na huko masharti huwekwa kwenye akdi yenyewe mbele ya kadhi.

Ng'ambo ya Namanga hali inafanana kwa sehemu. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 58, inaacha kila mtu na mali yake isipokuwa wamekubaliana vinginevyo, lakini kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa hata nyumba ya kabla ya ndoa ikiwa mwenzako ameiboresha sana. Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Walio Uingereza wajue kwamba tangu uamuzi wa Radmacher dhidi ya Granatino wa 2010 mkataba unaheshimiwa huko ukitiwa saini kwa hiari na kwa kuelewa, ilimradi kuutekeleza kusiwe dhuluma. Katika kesi hiyo mume hakuwa na wakili wake wala hesabu kamili ya mali ya mkewe, na bado mkataba ukasimama, kwa kuwa alielewa alichokuwa akikitia saini. Ni bahati ya mke ambayo sipendekezi mtu aitegemee.

Kama wachumba wote wawili mnaanza bila kiwanja wala biashara, okoeni pesa zenu, mwekeni risiti, na kila mtakachonunua kiandikeni kwa mgao mliokubaliana. Kama mmoja ana nyumba mtakayoishi, urithi unaotarajiwa kuendelezwa pamoja, au deni kubwa, lipeni mawakili wawili na mthamini, na saini ziwe zimekauka kabla kadi za mwaliko hazijachapishwa.