Wanabofya Wapi, Wanatafuta Nini

Picha inaonyesha ukurasa wa tovuti ya nyumba ya wageni iliyoko Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, lakini ukurasa wenyewe umefifishwa na juu yake yamesambaa madoa ya rangi. Mengi ni ya buluu hafifu, machache ni ya kijani na njano, na mawili matatu yamekolea wekundu. Mwenye nyumba ametumiwa picha hiyo na kijana anayemtunzia tovuti, na macho yake yamekimbilia kwenye wekundu. Amefurahi: kumbe watu wanabofya! Amefurahi mapema. Doa lililokolea kuliko yote liko karibu na ukingo wa chini wa skrini, juu ya aya ambayo haina hata kitufe kimoja.

Nyumba hiyo ni ya kutunga na hesabu zake ni za mfano, ila makosa yaliyomo kwenye ukurasa wake hukutana nayo kila anayefanya kazi ya tovuti. Picha yenyewe huitwa ramani joto. Kutumia rangi ili mtu asihangaike na tarakimu si jambo la leo: mwaka 1873 Mfaransa Toussaint Loua alipaka rangi jedwali la takwimu za wilaya 20 za Paris, msomaji akaweza kuona tofauti kwa kutupa jicho tu. Kwenye tovuti, kinachopakwa rangi ni mibofyo ya wageni.

Inavyotengenezwa ni hivi. Mwenye tovuti hupachika kwenye ukurasa wake kipande kifupi cha msimbo kutoka huduma kama Hotjar, Crazy Egg au Microsoft Clarity. Hiyo ya mwisho haina malipo. Mgeni anapofungua ukurasa, msimbo huo nao huanza kazi, na kila anapogusa skrini unaandika amegusa kitu gani na upande gani wa kitu hicho. Kisha huduma hupiga picha moja ya ukurasa na kulaza juu yake mibofyo ya watu wote waliopita. Msomaji wa ramani ashike neno hilo: picha moja. Wageni 800 waliopita kwa mwezi mzima, kila mmoja na simu yake, wanaonyeshwa juu ya ukurasa uliopigwa picha mara moja tu.

Ndiyo maana mtu aliyezoea kazi hii haanzi na rangi. Anaanza na maandishi madogo pembeni, yanayosema ni kifaa gani, ni siku zipi na ni ziara ngapi. Ramani ya Paje ni ya simu, ya siku 30, ziara 800, mibofyo 500. Ingekuwa ya kompyuta, vitu vingekaa kwingine kabisa, kwa sababu picha tatu zinazokaa sambamba kwenye skrini pana hupangwa moja chini ya nyingine kwenye simu. Na ingekuwa ya ziara 40, madoa yangeweza kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye kidole chepesi.

Baada ya hapo ndipo rangi inasomwa, nayo ina mtego wake. Wekundu hauna kipimo cha kudumu. Sehemu iliyobofywa kuliko nyingine kwenye ukurasa ndiyo inayopewa rangi nyekundu, iwe imebofywa mara 15 au mara 15,000. Ukurasa ambao hakuna anayeujali nao una doa lake jekundu. Kwa hiyo mtu hupeleka kishale juu ya doa, au huligusa, asome tarakimu iliyojificha nyuma yake.

Mwenye nyumba akifanya hivyo kwenye lile doa la chini, anakuta mibofyo 150, yaani asilimia 30 ya yote. Ni ya nini? Si ya kitu chochote kinachoonekana pale. Mgeni anapofungua ukurasa kwa mara ya kwanza, chini ya skrini hujitokeza tangazo la vidakuzi, naye hubonyeza alama ya kulifunga ili aendelee na mambo yake. Picha ilipopigwa tangazo halikuwapo, lakini mibofyo yake imebaki ikielea juu ya aya isiyohusika. Watu hawa hawakuwa wanavutiwa na chochote. Walikuwa wanaondoa kizuizi. Mibofyo hiyo ikiwekwa kando, inabaki 350, na hiyo ndiyo inayofaa kusomwa.

Kati ya hiyo 350, 120 imeangukia picha za vyumba. Hapa ndipo ramani inapotoa thamani yake, kwa sababu picha zile si viungo. Mtu akizigusa hakuna kinachotokea: hazikui, hazifungui ukurasa mwingine, hazionyeshi bei. Kwenye Clarity, mibofyo ya namna hii imetengewa orodha yake, inayoitwa `Dead clicks`. Ipo na orodha jirani, `Rage clicks`, ya mtu anayegonga mahali pamoja mara kadhaa kwa haraka kwa sababu amekasirika au anadhani simu imeganda. Mgeni anayegusa picha ya kitanda anauliza swali kwa kidole: chumba hiki kikoje kwa ndani, na kinalipiwa ngapi? Ukurasa umemnyamazia.

Kuna tahadhari moja. Picha ya kwanza ina mibofyo 70, ya pili 30, ya tatu 20, na ni rahisi kukata shauri kwamba chumba cha kwanza ndicho kinachopendwa. Lakini picha ya kwanza imeonwa na karibu kila mgeni, ilhali ya tatu iko chini na wengi hawakuifikia. Tena mbofyo si mtu. Mgeni mmoja aliyegonga mara nne bila kujibiwa amehesabiwa nne. Na kama picha zingekuwa zile zinazopishana zenyewe mahali pamoja, mambo yangeharibika zaidi, maana aliyegusa picha ya tatu wakati wa zamu yake angeonekana amegusa ya kwanza, ile iliyokuwapo ramani ilipopigwa picha.

Nambari ya simu nayo ina doa la njano, mibofyo 60. Fundi aliiandika kama maandishi ya kawaida. Baadhi ya simu huitambua nambari zenyewe na kumpeleka mtu moja kwa moja kwenye kupiga, nyingine haziitambui, na mgeni mwenye simu ya aina ya pili anabaki akigusa bure. Tiba yake ni mstari mmoja:

```html
<a href="tel:+255700000000">Tupigie</a>
```

Halafu kuna kitufe cha "Weka nafasi", ambacho ndicho mwenye nyumba alichokilipia tovuti. Kimepata mibofyo 20 kwa mwezi mzima, doa la buluu lisiloonekana vizuri. Kijana alikuwa ameshaanza kufikiria kubadilisha rangi ya kitufe, kukikuza, kukibadilishia maneno. Wengi huanza hapo, na wengi hupoteza muda.

Kabla ya kukilaumu kitufe, inafunguliwa ramani ya pili, ile inayoonyesha wageni wameteremka hadi wapi. Hii haina madoa. Rangi yake hubadilika kwa mikanda, kutoka nyekundu juu hadi buluu chini, na kila mkanda unataja asilimia ya ziara zilizofika hapo. Kitufe cha Paje kimewekwa chini kabisa, baada ya aya sita za historia ya nyumba, maelezo ya kifungua kinywa na umbali wa kutoka uwanja wa ndege. Asilimia 25 tu ndio waliofika huko. Katika ziara 800, hiyo ni 200.

Hesabu inabadilika papo hapo. Mibofyo 20 kwa ziara 800 ni asilimia 2.5, na inaonekana kitufe kimeshindwa kazi. Mibofyo 20 kwa ziara 200 zilizokiona ni asilimia 10. Kitufe hakina ubaya, kimefichwa. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayoamua kama fundi atapaka rangi upya au atakihamisha, na haionekani kwenye ramani ya mibofyo peke yake. Mtu akitumiwa picha moja bila ile ya kuteremka, aidai kwanza.

Weupe wa ukurasa pia husomwa kwa njia hiyo. Sehemu isiyo na doa ambayo asilimia 90 wamepita juu yake imeonwa ikaachwa, au imesomwa bila kuhitaji kuguswa. Maelezo ya umbali hadi uwanja wa ndege hayana cha kubofywa, na mgeni aliyeyasoma akatosheka hataacha alama yoyote. Ramani ya mibofyo haijui alikotazama. Utafiti wa macho ni kazi nyingine: mwaka 2006 Jakob Nielsen alitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 232 waliosoma kurasa huku kifaa kikifuatilia mboni zao, na rangi zikakaa kwa umbo linalofanana na herufi F. Picha za utafiti ule huchanganywa mara nyingi na ramani za mibofyo kwa kuwa rangi zinafanana, ingawa moja ni ya macho na nyingine ni ya vidole.

Lipo pia suala la faragha, kwa sababu huduma hizi hurekodi hata mwenendo wa ziara nzima. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Mwenye tovuti anapaswa kuwaambia wageni kwamba anarekodi, na kuhakikisha kuwa wanachoandika kwenye fomu, kama jina na namba ya pasipoti, kimefichwa kwenye kumbukumbu.

Mwenye nyumba ya Paje anafanya mambo matatu. Picha za vyumba zinafungua ukurasa wenye bei na picha zaidi, nambari ya simu inakuwa kiungo, na kitufe kinapandishwa chini ya picha ya kwanza. Anaacha siku nyingine 30 zipite, zisiwe za msimu tofauti, maana mwezi wa mvua za masika una wageni wa aina nyingine. Ramani mpya ikija, halinganishi wekundu na wekundu, kwa kuwa kila ramani imejipangia rangi upya. Analinganisha sehemu: kitufe kimepata asilimia ngapi ya ziara zilizokiona, mwezi ule na mwezi huu.

Halafu anafungua daftari la nafasi. Kama mibofyo ya kitufe imepanda kutoka 20 hadi 80 na vyumba vilivyochukuliwa kupitia tovuti ni sita kama mwezi uliopita, kikwazo kiko ng'ambo ya kitufe, kwenye fomu. Huko kuna ramani nyingine ya kuomba, na pengine itaonyesha mibofyo imejazana kwenye sehemu ya kuchagua tarehe, ambayo kwenye simu ndogo inafunguka nusu na kukataa kujifunga.