Nyama ya Kusaga: Mafuta Yamwagikayo na Mafuta Yabakiayo

Katika mtaa wa Biryogo, Nyamirambo, mjini Kigali, sambusa ya nyama haikosekani penye chai ya jioni. Mama wa nyumba hukaanga nyama ya kusaga, huinamisha kikaango, huyamwaga mafuta yaliyotoka, kisha huendelea na vitunguu. Lakini iwapo mzee wa nyumba ameshauriwa na daktari apunguze mafuta, swali hutokea papo hapo: je, yaliyomwagwa ni mengi kiasi gani, na yaliyobaki ndani ya nyama ni kiasi gani? Wengi hudhani kwamba nyama ikishachujwa huwa haina mafuta tena. Dhana hiyo si sahihi, na mizani ndogo ya jikoni yatosha kuonyesha ukweli.

Nyama ya kusaga iuzwayo katika pakiti mara nyingine huandikwa asilimia ya mnofu. Ikiandikwa asilimia 80, maana yake ni kwamba katika kila gramu 100 za nyama mbichi, gramu 20 ni mafuta. Gramu 80 zilizosalia si protini tupu, kwani sehemu kubwa ya mnofu ni maji. Protini ni zaidi kidogo ya sehemu moja katika tano za mnofu huo, yaani takriban gramu 17. Wanga hakuna. Kwa kuwa gramu moja ya protini hutoa kalori 4 na gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, nyama hiyo mbichi ina kalori kama 250 katika gramu 100, na nyingi kati ya hizo zatokana na mafuta.

Ugumu ni kwamba katika maduka mengi ya nyama hakuna karatasi yenye asilimia. Nyama huning'inia, mnunuzi huchagua kipande, nacho husagwa mbele yake. Hata hivyo hali hiyo ina faida yake. Muuza nyama aweza kuombwa atenge mnofu na shahamu, yaani yale mafuta meupe, apime kila kimoja peke yake, ndipo avisage pamoja. Hapo mnunuzi huwa ameijua nyama yake kuliko yule anunuaye pakiti.

Chukuliwe mfano wa mama aliyepimiwa gramu 400 za mnofu na gramu 100 za shahamu. Kwa haraka angesema kwamba nyama yake ni ya asilimia 80. Lakini shahamu si mafuta matupu: ndani yake mna maji na nyuzi, na mafuta yenyewe ni kama gramu 70 katika kila 100. Mnofu nao, hata ukisafishwa vizuri, huwa na mafuta yaliyojificha kati ya nyuzi zake, takriban gramu 5 katika kila 100. Kwa hiyo shahamu yatoa gramu 70, mnofu watoa gramu 20, na jumla ni gramu 90 katika nusu kilo. Hiyo ni asilimia 18 ya mafuta, yaani nyama ya asilimia 82. Protini yake, kwa kanuni ile ile, ni kama gramu 88. Nusu kilo nzima, ikiwa bado mbichi, ina kalori zipatazo 1,160.

Sasa nyama huingia jikoni. Hukaangwa katika kikaango kikavu bila kutiwa mafuta mengine, huku ikivunjwavunjwa kwa mwiko mpaka iwe punje ndogo zilizoiva. Kisha humiminwa katika chujio lililowekwa juu ya bakuli, na kuachwa kwa dakika chache. Vitunguu visitiwe kabla ya hapo, kwa sababu hunywa mafuta na kuyazuia yasitoke.

Kilichomo ndani ya bakuli kisipimwe kikiwa cha moto. Humo mna mafuta na maji ya nyama pamoja, na mtu apimaye yote hujidanganya kwamba ametoa mafuta mengi sana. Bakuli liwekwe mahali pa baridi, ikiwezekana ndani ya jokofu. Mafuta ya ng'ombe huganda juu na maji hubaki chini. Ule utando mgumu ndio unaochotwa na kupimwa.

Tuseme utando huo una gramu 38. Mafuta yaliyobaki ndani ya nyama ni 90 kutoa 38, yaani gramu 52. Protini karibu yote imebaki. Nyama iliyoiva yaweza kuwa na uzito wa gramu 325 hivi, kwa sababu maji mengi nayo yametoka. Kalori zilizobaki ni kama 820. Nyama hiyo ikigawanywa katika sambusa 20, kila moja hupata gramu 4.4 za protini na gramu 2.6 za mafuta, kabla ya kuhesabu unga na mafuta ya kukaangia. Mzee wa nyumba aweza sasa kuhesabiwa sambusa zake bila kubahatisha.

Funzo kubwa ni hili: kuchuja hakupunguzi mafuta kwa kiwango kimoja katika kila nyama. Nusu kilo ya nyama ya asilimia 70 ina gramu 150 za mafuta. Ikikaangwa na kuchujwa hivyo, hupoteza kama gramu 100 na kubaki na 50. Nusu kilo ya asilimia 90 ina gramu 50 tu, na hupoteza chini ya 10. Mafuta yaliyo nje ya nyuzi huyeyuka na kutiririka, bali yale yaliyo ndani hung'ang'ania punje za nyama. Kwa hiyo anayenunua mnofu mtupu asitarajie kuona mengi katika bakuli, wala asikate kalori nyingi katika hesabu yake.

Hata hivyo nyama hizo mbili hazilingani. Ile ya asilimia 70 hubaki gramu 280 zilizoiva zenye protini 72, na ya asilimia 90 hubaki gramu 350 zenye protini 100. Mwenye kulinganisha bei asilinganishe kilo kwa kilo za nyama mbichi, bali aulize ni protini ngapi zitakazofika mezani kwa fedha zake.

Makosa mawili huharibu hesabu hii. La kwanza ni kupima nyama iliyoiva na kutumia takwimu za nyama mbichi. Gramu 100 zilizoiva katika mfano wetu zina protini 27 na mafuta 16, nazo mbichi zilikuwa na 18 na 18. La pili ni kuyatoa mafuta kwa mkono mmoja na kuyarudisha kwa mwingine. Mafuta yaliyoganda yakitiwa katika isombe jioni ile ile, hayakutoka nyumbani, yamehama chungu tu. Vivyo hivyo, nyama ya kusaga ikipikwa ndani ya mchuzi bila kuchujwa, mafuta yote yamo katika mchuzi, na hesabu yake ni ile ya nyama mbichi.

Basi mama mwenye mgonjwa nyumbani aanzie dukani, kwa kupunguza shahamu kabla ya kusagwa. Lau yule wa Biryogo angepimiwa gramu 50 za shahamu na gramu 450 za mnofu, nyama yake ingeanza na gramu 58 za mafuta badala ya 90. Bakuli lake lingeonyesha machache, lakini protini ya kila sambusa ingeongezeka.