Jiki haiondoi udongo

Kwenye sinia la nyama choma, kachumbari ndiyo isiyopita motoni. Mkaa umeshughulika na nyama na ugali umechemka sufuriani, lakini nyanya, kitunguu, tango na kotimiri huliwa na kila kilichoshikamana nazo tangu shambani: maji ya kumwagilia, samadi, mikono ya wachumaji, sakafu ya soko. Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam Agosti 2015, hofu ya vyakula vibichi ilikuwa na sababu.

Jikoni wengi wanajua kutumia jiki. Tatizo liko kwenye mpangilio wa kazi. Nyanya humwagwa kwenye beseni zikiwa na udongo wake, jiki inamiminwa kwa kukadiria, na baada ya dakika chache zinatolewa kwenda kukatwa. Klorini iliyomo kwenye jiki haichagui adui. Hushambulia udongo, majani yaliyooza na utomvu kama inavyoshambulia vijidudu, na kila inaposhambulia hupungua. Beseni likishakuwa na tope, klorini huisha kabla ya kuwafikia bakteria. Harufu inaweza kubaki hata hivyo, na mpishi akiitegemea pua yake atadhani maji bado yana nguvu.

Kwa hiyo kazi huanza na maji matupu. Chukua jiko linaloandaa kachumbari ya sherehe. Vitunguu vinamenywa kwanza, saladi inakatwa kitako na kutenganishwa jani moja moja, kwa sababu mchanga hujificha chini kwenye mikunjo. Nyanya na matango yanasuguliwa kwa mkono chini ya maji yanayotiririka. Sabuni ya vyombo haitumiki, kwani mboga huweza kuifyonza.

Sasa ndipo linakuja beseni la dawa, nalo linataka kipimo. Kiwango kinachofaa mboga ni takriban miligramu 100 za klorini kwa kila lita ya maji. Tuseme lebo ya chupa inasema asilimia 3.5, maana yake kila lita ya jiki ina gramu 35, yaani miligramu 35,000. Beseni la lita 10 linahitaji miligramu 1,000. Gawanya 1,000 kwa 35 upate mililita 28 na ushei, kwa hiyo mililita 30 zinatosha. Chupa ya asilimia 5 ingehitaji mililita 20 tu. Tumia kikombe cha kupimia, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Jiki yenye manukato au sabuni isiguse chakula, na chupa iliyokaa muda mrefu kwenye joto na mwanga huwa imepungua nguvu hata kama lebo haijabadilika.

Mboga zizame zote kwa dakika tano. Nyanya inayoelea inabaki kavu upande wa juu, kwa hiyo izamishwe kwa sahani safi. Maji yakianza kuwa na ukungu, mwaga, changanya mapya. Jiko linalohudumia watu wengi linunue vijikaratasi vya kupimia klorini. Kimoja kinachovywa majini kisha rangi yake inalinganishwa na ile ya kwenye kopo. Na ndimu au siki isiingie kabisa kwenye beseni hilo, kwani asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya sumu.

Suuza ya mwisho ndiyo inayoharibu kazi nzuri mara nyingi. Ni lazima iwe kwa maji yanayofaa kunywewa. Ukisuuza kwa maji ya pipa lisilofunikwa, lenye kata inayopita mikononi mwa kila mtu, umerudisha vijidudu ulivyokwisha kuviondoa. Baada ya hapo mboga zichuje maji vizuri, zikatwe kwa kisu na ubao ambao haujagusa nyama mbichi, na kachumbari ikae kwenye friji hadi wakati wa kuliwa. Isikae mezani zaidi ya saa mbili.

Hata ukifanya yote hayo, dawa hupunguza vijidudu bila kuwamaliza. Mayai ya minyoo hayauawi na klorini ya kiwango hiki. Yanayoondoka ni yale yaliyosuguliwa na kusombwa na maji, ndiyo sababu nyingine ya kutoruka hatua ya kwanza. Dawa pia haifiki ndani ya tunda. Nyanya yenye joto la jua ikitumbukizwa kwenye maji ya baridi hunyonya maji hayo kupitia kovu la kikonyo, pamoja na vilivyomo. Acha nyanya zipoe kivulini kwanza, au tumia maji yenye uvuguvugu kuzidi kidogo joto lake. Na iliyopasuka au kutobolewa na wadudu isiingie kwenye kachumbari hata kidogo. Ikate sehemu mbaya, kisha uipike mchuzi.